Je, wajua kwa nini namba sahihi inaweza kuiharibu insha ya tabianchi?

*"Insha yangu ya mabadiliko ya tabianchi imerudishwa, eti niweke vichwa, rejea ndani ya aya na orodha ya marejeleo. Takwimu zangu zote ni sahihi. Kwa nini basi, na vinapangwaje?"*

Tazama sentensi hii: "Joto la dunia limepanda kwa nyuzi 1.09." Si uongo, ila haisemi limepanda tangu lini wala ni nani aliyekokotoa. NASA hulinganisha joto la kila mwaka na wastani wa 1951 hadi 1980. Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, maarufu kama IPCC, katika ripoti yake ya 2021 lililinganisha muongo wa 2011–2020 na miaka ya 1850–1900. Kufikia katikati ya karne ya 20 dunia ilikuwa imeshaanza kupata joto, kwa hiyo kwa kipindi kilekile ongezeko likipimwa kwa kigezo cha NASA huonekana dogo zaidi. Zote mbili ni sahihi. Ukizichanganya bila kutaja chanzo, insha inajipinga yenyewe na msahihishaji hawezi kujua umekosea wapi.

Sentensi ikirekebishwa inasomeka hivi: "Katika muongo wa 2011–2020, joto la uso wa dunia lilikuwa juu kwa nyuzi 1.09 za Selsiasi kuliko wastani wa 1850–1900 (IPCC, 2021)." Mabano yanakaa kabla ya nukta, kwa kuwa rejea ni sehemu ya sentensi. Ukiwa umelitaja jopo kwenye maelezo yenyewe, mwaka peke yake ndio unaoingia kwenye mabano: "IPCC (2021) linaeleza kwamba..." Ukinukuu neno kwa neno, ongeza na ukurasa. Huu ni mtindo wa APA. Kama shule yako ina mtindo mwingine, fuata huo, mradi usichanganye miwili.

Kazi ya mabano hayo ni kumwelekeza msomaji kwenye orodha ya mwisho. Huko atakuta maelezo kamili:

```
IPCC. (2021). Summary for Policymakers. Katika Climate Change 2021:
    The Physical Science Basis (uk. 3–32). Cambridge University Press.
    https://doi.org/10.1017/9781009157896.001
```

Neno la kwanza hapo ni lilelile lililo ndani ya mabano, na hapa ndipo wengi huteleza. Ndani ya aya wanaandika "(Umoja wa Mataifa, 2021)", kwenye orodha wanaweka "Cambridge", na msomaji anatafuta asione. Kabla ya kuwasilisha, tafuta `20` na kisha `19` kwenye faili lako, usimame kwenye kila mwaka ulio katika rejea na kuuhakiki dhidi ya orodha. Chanzo ambacho hakijatajwa popote ndani ya insha hakikai kwenye marejeleo, hata kama ulikisoma chote. Ukiombwa bibliografia, hapo kwa kawaida unaruhusiwa kuongeza na ulivyosoma tu. Panga kwa alfabeti, mstari wa kwanza uanze pembeni kabisa na inayofuata iingie ndani. Kwenye Word, `Ctrl+T` huingiza mistari hiyo ndani mara moja.

Vichwa navyo, kwa mada hii, vina kazi moja kubwa kuliko zote: kutenga kilichopimwa na kinachokadiriwa. Nyuzi 1.09 zinatokana na vipimo. Lakini IPCC (2021) pia linakadiria kwamba mwishoni mwa karne hii, yaani 2081–2100, ongezeko litakuwa takribani nyuzi 1.4 uzalishaji wa gesi ukiwa mdogo sana, au 4.4 ukiwa mkubwa sana. Zikiwekwa zote kwenye aya moja, 4.4 inasomwa kana kwamba imeshatokea. Ndiyo maana "Joto lililokwisha kupimwa" na "Makadirio hadi 2100" ni vichwa bora kuliko "Sababu" na "Athari", ambavyo vingefaa insha yoyote ile. Viandike kwa kuchagua `Heading 1` au `Heading 2`, si kwa kukoleza wino tu, maana programu hutumia mitindo hiyo kutengeneza yaliyomo.

Kuna vyanzo viwili vinavyosumbua. Cha kwanza ni ukurasa unaobadilika, kama grafu ya kaboni dioksidi ya Mauna Loa huko Hawaii, ambako vipimo vimekuwa vikichukuliwa tangu 1958 na namba mpya huongezwa kila mara. Kwa huo, andika pia tarehe uliyoufungua. Cha pili ni gazeti linalosimulia ripoti. Ukiwa umesoma gazeti tu, rejea gazeti. Kuandika "(IPCC, 2021)" ni kudai umefungua ripoti usiyoiona, na namba iliyokosewa gazetini itaonekana kosa la jopo.