Picha za Jumapili: dhana potofu kuhusu kupima kama krimu ya madoa inafanya kazi

Wateja wengi wanaorudi kwenye kaunta yangu hapa Nairobi huja na tyubu ya krimu mkono mmoja na simu mkono wa pili. "Daktari, niangalizie. Hii kitu inanisaidia ama napoteza pesa?" Kisha hunionyesha picha mbili. Moja ilipigwa bafuni usiku chini ya taa ya manjano, nyingine mchana ndani ya matatu. Hapo huwa siwezi kusema lolote la maana, na huniuma, kwa sababu mtu huyo amejitahidi kuweka kumbukumbu na kumbukumbu yenyewe haisemi kitu.

Nitazungumzia krimu za chunusi na madoa meusi yanayobaki chunusi zikipona, maana ndizo ninazoulizwa kila wiki.

Dhana: Picha haidanganyi.

Picha inadanganya, na mdanganyifu mkubwa ni mwanga. Taa iliyo juu ya kichwa hutupa kivuli chini ya kila uvimbe, na uso unaonekana na chunusi mara mbili. Ukiugeukia mwanga wa dirishani, chunusi zile zile zinapotea. Madoa nayo huzidi kuiva chini ya taa ya manjano.

Kwa hiyo chagua dirisha moja, saa moja, na sehemu moja ya kusimama. Hapa kwetu tuna bahati: tuko karibu sana na ikweta, na jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, likipishana kwa nusu saa hivi tu. Saa mbili asubuhi ya Mei inafanana na saa mbili ya Agosti. Lakini jua hubadilisha upande. Kati ya Mei na Julai hupita kaskazini mwa Nairobi, na kuanzia Novemba hadi Januari hupita kusini. Dirisha linaloangalia kaskazini, lililokuwa na mwanga mtulivu Desemba, litaingiza miale ya moja kwa moja Juni, na mtu ataona madoa yamezidi au yamepungua kumbe ni jua limehama. Miezi ya baridi, kama Juni na Julai, tumia dirisha la kusini, au weka pazia jeupe jepesi.

Shika karatasi nyeupe kando ya shavu kila unapopiga. Karatasi ikionekana ya samawati wiki hii na ya manjano wiki ijayo, usilinganishe rangi ya madoa kwenye picha hizo mbili. Ikionekana sawa, endelea. Ni jambo dogo, lakini limeniokolea mabishano mengi.

Simu nayo ina yake. Kamera ya mbele ya simu nyingi hulainisha ngozi bila kuombwa, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio uizime hali ya urembo, au bora zaidi tumia kamera ya nyuma ukisaidiwa na mtu, umbali wa kama mita moja, kisha uvute picha karibu kidogo kwenye skrini. Ukisogeza simu hadi puani, uso hupindika. Piga picha tatu: mbele, kushoto, kulia. Uso uwe umeoshwa na kukaa dakika ishirini bila mafuta, kwa sababu ngozi inayong'aa huficha madoa. Na usijitumie picha hizo kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, maana hubanwa na kupoteza undani. Zihifadhi kwenye folda yake, kila moja ikiwa na tarehe.

Dhana: Linganisha picha ya wiki hii na ya wiki iliyopita.

Hili ndilo kosa linalowafanya watu watupe krimu nzuri. Chunusi unayoiona leo haikuanza leo. Kijitundu kilianza kuziba chini ya ngozi wiki kadhaa zilizopita, pengine miezi miwili, kabla hujanunua chochote. Dawa haiwezi kuifuta historia hiyo, inazuia zinazofuata. Kwa hiyo picha za wiki ya pili na ya tatu zinaonyesha zaidi yaliyotokea kabla ya krimu.

Kwa wanawake kuna jingine. Wengi hupata chunusi zaidi katika wiki moja hivi kabla ya hedhi. Ukilinganisha wiki tulivu na wiki hiyo, utasema krimu imekuharibu. Ukilinganisha kinyume chake, utaisifu bure. Piga kila wiki, lakini toa hukumu kila baada ya wiki nne: picha ya mwanzo, ya wiki ya nne, ya nane, ya kumi na mbili. Kama mzunguko wako una siku 28 hivi, picha hizo zitaangukia karibu siku ile ile ya mzunguko. Kama wako ni mrefu zaidi au haueleweki, andika siku ya mzunguko kwenye daftari na utafute picha za siku zinazokaribiana.

Kwa chunusi, wiki kumi na mbili ndiyo muda wa haki wa kuamua. Madoa yanataka subira zaidi. Doa la hudhurungi lililo juu ya ngozi hufifia kwa miezi. Lenye rangi ya kijivu au samawati liko ndani zaidi na linaweza kukaa hata miaka.

Dhana: Daftari ni la kuandika "leo ngozi iko poa".

Maneno kama hayo hufuata hali ya moyo. Andika vitu vinavyohesabika. Nilimsaidia mteja mmoja, fundi wa nguo kutoka Kawangware, aliyeanza krimu ya asidi ya azelaiki ya asilimia 20 mwanzoni mwa Mei. Tulikubaliana kwamba kila Jumapili atahesabu chunusi mbichi za uso mzima, kisha atachora uso kwenye daftari na kuyapa madoa matano namba, moja hadi tano. Kila doa linapewa alama: 3 kama ni jeusi sana kuliko ngozi iliyo kando yake, 0 kama huwezi kulitofautisha. Analinganisha doa na ngozi ya jirani katika picha ile ile, si doa la leo na doa la Mei, kwa hiyo hata mwanga ukiyumba kidogo kipimo hakiharibiki sana. Chini yake anaandika siku alizoruka krimu, siku ya mzunguko, na kitu chochote kipya kilichogusa uso au nywele.

Mwanzo alikuwa na chunusi 14. Wiki ya pili zilikuwa 17, akanipigia akitaka kuacha. Nilimuuliza kama uso unawaka, umevimba au una malengelenge. Akasema unawasha kidogo akishapaka, kisha unatulia. Hiyo ni kawaida kwa dawa hii katika wiki za mwanzo. Angeniambia uvimbe, au ngozi imekuwa ya zambarau na kuchubuka, ningemwambia asimamishe, kwa sababu katika ngozi yetu nyeusi mwasho mkali wenyewe huacha madoa mapya, na wekundu hauonekani wazi kama kwenye ngozi nyeupe. Akaendelea. Wiki ya nne zilikuwa 12, ya nane 8.

Wiki ya tisa kipaji cha uso kilijaa vipele vidogo ilhali mashavu yalikuwa yanatulia. Angekuwa na picha tu, angelaumu krimu. Daftari likatuonyesha: wiki ya saba alisukwa, na tangu siku hiyo alikuwa akipaka mafuta mazito kwenye mistari ya mbele kila usiku. Mafuta ya nywele yakiteremka huziba vitundu vya kipaji. Aliyaacha, akaanza kufunga kitambaa safi anapolala, krimu hakuigusa.

Dhana: Julai hakuna jua, kinga ya jua haina kazi.

Mawingu hupitisha sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno, na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako mionzi hiyo ni mikali kuliko pwani. Doa linalopigwa jua kila siku halififii vizuri, hata upake krimu gani. Kwa hiyo safu ya daftari isiyoandikwa na wengi, "nilipaka kinga ya jua?", ndiyo ninayoiangalia kwanza mtu akiniambia madoa yamekwama. Kiasi nacho kihesabiwe: mistari miwili ya krimu hiyo kwenye urefu wa vidole viwili, kwa uso na shingo. Tone moja halitoshi.

Dhana: Krimu nzuri hujionyesha ndani ya wiki moja.

Hapa naomba tusikilizane, dada zangu na kaka zangu. Picha ya siku ya saba ikionyesha uso mzima umekuwa mweupe, hata mahali pasipo na doa, simamisha na uje na kopo. Krimu za namna hiyo mara nyingi zina zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali, na Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye vitu hivyo. Steroidi hutuliza chunusi kwa haraka ya kushangaza, kisha ngozi huwa nyembamba, mishipa midogo huonekana, na ukiiacha ghafla chunusi hulipuka upya. Kama umeitumia kwa miezi, usiikatize peke yako. Muone daktari wa ngozi.

Dhana: Picha zikionyesha nafuu, ni krimu.

Huenda. Lakini watu hununua krimu ngozi ikiwa katika hali mbaya kabisa, na baada ya hapo ingeshuka kidogo hata bila dawa. Madoa pia hufifia yenyewe. Kwa bidhaa ghali ya madoa peke yake, iliyo salama na isiyo dawa uliyoandikiwa na daktari, paka shavu moja kwa wiki kumi na mbili, na kinga ya jua upake mashavu yote. Madoa ya pande zote mbili yakififia sawa, umeokoa pesa. Na usianze vitu viwili kwa pamoja. Acha angalau mwezi kati ya kimoja na kingine.

Fundi wangu alirudi mwisho wa Julai na daftari lenye alama za mafuta ya cherehani. Chunusi 5. Madoa namba moja, mbili na nne yalikuwa yameshuka kutoka 3 hadi 1. Namba tatu lilishuka hadi 2. Namba tano, lile la kijivu karibu na taya, lilibaki 3 tangu Mei, na karatasi nyeupe ilikuwa sawa kwenye picha zote mbili. Akaniuliza kama aongeze krimu pale. Nikamwambia hapana, kiasi ni kile kile kwa uso mzima, tutalitazama tena Oktoba. Akachora mduara kuzunguka namba tano, akaandika tarehe.