Kwa nini kifutio cha GIMP huacha rangi: maana ya chaneli ya alfa

Tuchukue mfano wa mchapaji wa fulana aliyeletewa nembo ya shule katika faili liitwalo nembo.jpg. Nembo ni duara la buluu lenye kitabu cheupe katikati, na kulizunguka duara hilo kuna mandharinyuma meupe yanayojaza pembe zote nne za picha. Fulana ni za kijani, kwa hiyo weupe wa pembeni lazima uondoke, la sivyo kila mwanafunzi atavaa nembo iliyokaa ndani ya boksi jeupe. Mchapaji anafungua picha katika GIMP, programu ya kuhariri picha, anachagua kifutio, anapitisha juu ya weupe, na hakuna kinachobadilika. Anajaribu kupitisha juu ya buluu, na hapo anaona kifutio kinafanya kazi, lakini kinaacha weupe. Anabonyeza herufi X kwenye kibodi, ambayo hubadilishana rangi ya mbele na rangi ya nyuma, anafuta tena, na safari hii kifutio kinaacha weusi.

Jambo hilo la mwisho ndilo linalofichua kinachotendeka. Kifutio hakijaharibika, kinapaka. Kinapaka rangi ya nyuma iliyowekwa kwenye kisanduku cha zana wakati huo, ambayo kwa kawaida GIMP inapoanza ni nyeupe. Ili kuelewa kwa nini programu inachagua kupaka wakati imeambiwa ifute, inafaa kutazama pikseli moja imeandikwaje.

Katika picha ya kawaida ya rangi, kila pikseli huhifadhiwa kama nambari tatu: kiasi cha nyekundu, kiasi cha kijani na kiasi cha buluu, kila kimoja kuanzia 0 hadi 255. Nyeupe ni 255, 255, 255. Nyeusi ni 0, 0, 0. Mchanganyiko wowote wa nambari hizo tatu ni rangi fulani, na hakuna hata mmoja unaomaanisha kwamba mahali hapa hapana kitu. Hata sifuri tatu ni rangi, yaani weusi. Muundo wa JPEG hauna nafasi ya kuandika zaidi ya rangi, na GIMP inapolifungua faili la aina hiyo hutengeneza tabaka lenye nambari hizo tatu tu kwa kila pikseli. Unapofuta katika tabaka la namna hiyo, programu inalazimika kuandika nambari tatu mahali pa zile za zamani, kwa kuwa pikseli haiwezi kubaki bila thamani. Rangi ya nyuma ndiyo inayojaza pengo hilo. Kitufe cha Delete nacho hufanya vivyo hivyo kwa eneo zima ulilolichagua.

Chaneli ya alfa ni nambari ya nne. Haisemi pikseli ina rangi gani, bali inasema rangi hiyo ionekane kwa kiasi gani. Ikiwa 255, pikseli inaonekana kikamilifu na kuziba kilicho chini yake; ikiwa 0, haionekani kabisa; ikiwa 128, inaonekana takriban nusu, na nusu iliyobaki inatoka kwenye tabaka la chini. Nambari hii inapokuwapo, kifutio kinapata kazi yake ya kweli: hakigusi zile tatu za rangi, kinashusha ya nne. Ushahidi wa hili ni rahisi kuupata. Katika tabaka lenye alfa, futa sehemu ya nembo, kisha shikilia kitufe cha Alt na upitishe kifutio papo hapo. Buluu itarudi, kwa sababu haikuwa imeondoka. Ilikuwa imefichwa tu. Katika tabaka lisilo na alfa, rangi ya zamani imeshaandikwa juu na hairudi ila kwa kutengua hatua kwa Ctrl+Z.

Kujua tabaka ni la aina gani, tazama orodha ya matabaka: jina lililoandikwa kwa herufi nzito ni la tabaka lisilo na alfa. Chaneli huongezwa kwa njia hii:

```
Layer > Transparency > Add Alpha Channel
```

Baada ya kubonyeza, picha haibadiliki hata kidogo, na hapa ndipo wengi hudhani amri imeshindikana. Ukweli ni kwamba kila pikseli imepewa alfa ya 255, yaani yote yaonekane kama yalivyokuwa. Dalili ya kutazama ni kwamba jina la tabaka halina tena herufi nzito. Kwa sababu hiyohiyo, weupe uliopakwa na kifutio kabla ya kuongeza chaneli hautageuka kuwa uwazi. Kwa programu, huo sasa ni weupe kama weupe mwingine wowote. Mchapaji wetu aliyekwaruza duara la buluu inambidi atengue hatua zake kwanza, aongeze chaneli, ndipo aanze kufuta.

Kwa nembo yake, njia safi zaidi ni zana ya Fuzzy Select, ambayo huchagua pikseli za rangi inayokaribiana zilizoungana na ile uliyoibonyeza. Akibonyeza kwenye pembe moja, weupe wote wa nje unachaguliwa, ilhali kitabu cheupe kinabaki salama kwa kuwa buluu imekizunguka. Zana ya Select by Color ingekichukua nacho, na fulana ingekuwa na kitabu cha kijani. Akibonyeza Delete sasa, mahali pa weupe panatokea miraba ya kijivu kama ubao wa drafti. Miraba hiyo si sehemu ya picha na haitachapwa. Ni namna ya GIMP kuonyesha kwamba hapo hapana rangi.

Huenda ukabaki ukingo mwembamba wa weupe kuzunguka duara. Unatokana na pikseli za mpakani ambazo ni mchanganyiko wa buluu na nyeupe, na ugandamizaji wa JPEG huzidi kuzivuruga, hivyo hazikuhesabiwa kuwa nyeupe wakati wa kuchagua. Kupanua uteuzi kwa pikseli moja kupitia Select > Grow kabla ya kufuta kwa kawaida hupunguza tatizo hilo, ingawa ukizidisha utaanza kula duara lenyewe.

Inabaki hatua ya kuhifadhi, na hapo kazi yote inaweza kupotea. Akihamisha picha tena kama nembo.jpg, nambari ya nne haina pa kwenda, na sehemu zilizo wazi hujazwa rangi kama mwanzo. Picha ihamishwe kama nembo.png kupitia File > Export As, kwa kuwa PNG huhifadhi alfa pamoja na viwango vyake vya katikati. Amri ya Image > Flatten Image nayo iepukwe kabla ya hapo, kwani huondoa chaneli na kumwaga rangi ya nyuma kila palipokuwa wazi. Ikumbukwe pia kwamba si kila PNG ina alfa: iliyohifadhiwa bila chaneli hiyo hufunguka ikiwa na jina la herufi nzito, na kifutio kitapaka juu yake kama kinavyopaka juu ya JPEG.