Kutoka jukwaa la chini hadi la juu: dakika ngapi hasa?

Ukifungua programu ya kupanga safari na kuambiwa "badilisha treni, dakika 5", namba hiyo mara nyingi haikutokana na mtu aliyetembea. Kuna aliyeketi na ratiba akaandika tarakimu moja kwa kituo kizima, majukwaa yote, pande zote. Kazi yangu ni kuandaa data za vituo vikubwa, na jambo la kwanza ninaloangalia nikikabidhiwa data za kituo cha ghorofa kadhaa ni kama muda wa kwenda unalingana na wa kurudi. Ukilingana kabisa kwa kila jozi ya majukwaa, najua hakuna aliyepima. Kupanda si sawa na kushuka, na umati unaotoka kwenye treni ndefu hausambai kwa namna moja kila upande.

Nitatumia kituo kimoja ambacho umbo lake linarahisisha maelezo: Berlin Hauptbahnhof, kilichofunguliwa mwaka 2006. Reli za chini zinapita kaskazini kwenda kusini, mita 15 hivi chini ya barabara. Reli za juu zinapita mashariki kwenda magharibi, mita 10 hivi juu ya barabara. Zinakatana katikati kama msalaba. Kwa hiyo abiria anayetoka chini kwenda juu ana kazi tatu: kutembea kuelekea katikati ya jukwaa lake, kupanda mita 25, kisha kutembea kwenye jukwaa la juu hadi kwenye behewa lake. Kwenye ramani njia hii inaonekana fupi mno, kwa sababu ukitazama kutoka juu majukwaa mawili yanagusana. Programu inayopima umbali wa mstari ulionyooka hapa inapotea kabisa.

Tuanze na kupanda, maana ndiko hesabu iliko rahisi. Ngazi za umeme za vituo vingi huenda kwa mita 0.5 kwa sekunde, nyingine 0.65, na za treni za chini ya ardhi za London ni 0.75. Kasi hiyo hupimwa kufuata mteremko. Mteremko wa kawaida ni nyuzi 30, na kwa nyuzi 30 urefu wa kwenda juu ni nusu ya urefu wa mteremko. Hivyo ngazi ya mita 0.5 kwa sekunde inakuinua mita 0.25 kila sekunde. Mita 25 zitachukua sekunde 100 ukiwa umesimama tu. Ongeza migeuko: ukipanda ghorofa moja moja unashuka kwenye ngazi, unazunguka, unaingia nyingine, na kila mgeuko nauhesabia sekunde 10. Ikiwa migeuko ni mitatu, jumla ya kupanda ni sekunde 130.

Mtu mzima asiye na mzigo hupanda ngazi za kawaida kwa kasi inayokaribiana na hiyo ya kusimama kwenye ngazi ya umeme, mradi ghorofa ni moja au mbili. Lakini mita 25 ni vipandio karibu 150 vya sentimita 17, na wachache wanaoshika mwendo uleule hadi kileleni. Kwa hiyo ngazi ya umeme ikiharibika, usiamini hesabu inayosema hakuna kilichobadilika. Miguu huchoka, na mwenye begi la magurudumu sasa analibeba.

Sehemu inayopuuzwa zaidi ni ile ya chini, kabla hata hujakanyaga ngazi. Treni ya masafa marefu yenye seti mbili zilizounganishwa ina urefu wa mita 400. Ukikaa behewa la mwisho, una karibu mita 200 za kutembea kabla ya kufika katikati. Data nyingi hulichukulia jukwaa kama nukta moja, kana kwamba abiria wote hushukia mguuni pa ngazi. Umbali huo wote unapotea.

Mwendo wa kutembea nao una namba yake. Mtafiti Ulrich Weidmann wa Zürich, katika kazi yake ya mwaka 1993 ambayo watu wa fani hii bado wanaitumia, aliweka wastani wa mita 1.34 kwa sekunde kwa mtu anayetembea bila kuzuiwa. Jukwaani watu huzuiana. Mwenye mzigo, kati ya watu wanaotafuta njia na kusoma mabango, namhesabia mita 1.1. Mzee, mzazi mwenye mtoto mdogo, au mtu anayefika pale kwa mara ya kwanza, mita 0.8.

Sasa chukua abiria aliyeshuka mita 150 kutoka kwenye ngazi. Saa inaanza pale magurudumu yanaposimama, hata kama yeye bado yumo ndani. Milango inafunguka, watu wanashusha masanduku, na hadi anakanyaga jukwaa zimepita sekunde 40. Mita 150 kwa mwendo wa 1.1 ni sekunde 136. Anafika mguuni pa ngazi sekunde ya 176. Anapanda kwa sekunde 130. Juu anatembea mita 60 hadi kwenye mlango wa treni yake, sekunde 55. Jumla ni sekunde 361, yaani dakika 6 na ushei. Akitembea kwa mita 0.8, inakuwa dakika 7 na sekunde 13.

Na foleni je? Hapa ndipo hata wapimaji wazuri wanapokosea, kwa sababu wanajumlisha visivyojumlishika. Wanachukua umbali mrefu kuliko wote, wanaongeza foleni ndefu kuliko zote waliyoiona, wanapata namba kubwa ya kutisha. Abiria wa kwenye umbali mrefu na abiria wa kwenye foleni ndefu si mtu mmoja.

Tazama kwa karibu. Tuseme watu 240 wameshuka kutoka mabehewa yaliyo karibu na ngazi, na kuna ngazi mbili za umeme zinazopanda. Kwenye karatasi, ngazi ya upana wa mita moja hubeba watu 100 kwa dakika kwa kasi ya 0.5. Watu wenye masanduku huacha vipandio vitupu mbele na nyuma yao, na mimi huhesabu 60 kwa dakika, mmoja kwa sekunde. Ngazi mbili, watu wawili kwa sekunde. Wa kwanza wanafika sekunde ya 20, na umati wote unamalizika karibu sekunde ya 140. Yule wa mita 150 anafika sekunde ya 176 na kukuta njia imekwisha kufunguka. Foleni yake ni sifuri.

Aliyekaa behewa lililo mita 30 tu kutoka kwenye ngazi, akachelewa mlangoni sekunde 40 zilezile, anafika sekunde ya 67. Ikiwa kufikia hapo watu 130 wamemtangulia, ngazi zimeshabeba takriban 94, na mbele yake wamebaki 36. Atasubiri sekunde 18. Anaingia kwenye ngazi sekunde ya 85, na safari nzima inamalizika sekunde ya 270.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: nitafika mguuni pa ngazi saa ngapi, na foleni itakuwa imekwisha saa ngapi? Ukifika baadaye, foleni haikuhusu. Ukifika mapema, unalipa sehemu iliyobaki mbele yako. Katika mfano huu, mtu wa mbali naye analipa pale ngazi moja kati ya mbili inapokuwa imesimama. Umati wa watu 240 sasa unahitaji sekunde 240, unaisha sekunde ya 260, na yule wa sekunde ya 176 anaangukia katikati yake. Ngazi moja iliyoharibika inaweza kumwongezea dakika nzima na zaidi, ingawa njia yake haikurefuka hata mita moja.

Lifti ina tabia nyingine kabisa. Tuseme inasimama kila ghorofa, sekunde 15 kila kituo, na inatembea mita moja kwa sekunde. Mzunguko mzima wa kwenda na kurudi ni karibu sekunde 170. Kwa wastani utaisubiri nusu ya hapo, 85, kisha utapanda kwa sekunde 70 hivi. Jumla 155, haina tofauti kubwa na ngazi za umeme. Lakini ikifika imejaa, unaongeza mzunguko mzima, sekunde 170 kwa mkupuo. Kwa mtu wa kiti cha magurudumu wastani hauna maana. Nampa muda wa kukosa lifti mara moja, na ninaona ni kosa kubwa kumpa namba ya abiria wa kawaida kisha kumwongezea asilimia fulani.

Kwenye data za GTFS, muundo wa faili ambao mashirika ya usafiri hutumia kuchapisha ratiba na vituo vyao, vitu hivi vina mahali pake. Faili la `transfers.txt` lina `min_transfer_time`, namba moja kwa jozi ya majukwaa, na wengi huishia hapo. Faili la `pathways.txt` linakuruhusu kuvunja njia vipande vipande, na kwenye `stops.txt` unaweza kugawa jukwaa kwa sehemu za kupandia zenye `location_type` 4, ili kusini ya jukwaa isichanganywe na katikati yake:

```
pathway_id,from_stop_id,to_stop_id,pathway_mode,is_bidirectional,length,traversal_time
p1,j5_kusini,j5_kati,1,1,150,136
p2,j5_kati,ghorofa_m1,4,0,,35
```

Mstari wa pili ni ngazi ya umeme, 4, na ile 0 inasema inakwenda upande mmoja tu. Foleni haina safu yake humu, kwa hiyo lazima uiweke kwenye `min_transfer_time`.

Namba gani basi niandike kwa jozi hii? Inategemea treni ya juu. Ikiwa ni treni ya mjini inayopita kila baada ya dakika chache, naandika dakika 6, yaani sekunde 360 kwenye `min_transfer_time`, kwani atakayeikosa atapanda inayofuata. Ikiwa ni treni ya masafa marefu inayokuja mara moja kwa saa, naanza na dakika 7 na ushei za mtembeaji wa polepole, naongeza dakika moja na nusu kwa ngazi iliyosimama, na nusu dakika kwa kuwa milango hufungwa kabla ya saa iliyoandikwa kwenye ratiba. Naandika dakika 10, yaani 600.