Mpira wa jiwe, kamba na mchanga: obeliski ya Aswani

Kwenye machimbo ya kale ya Aswani, kusini mwa Misri, kuna obeliski, nguzo ndefu ya jiwe moja yenye pande nne na ncha iliyochongoka, iliyolala chali tangu enzi za mafarao. Ina urefu wa karibu mita 42, na ingefika uzito wa tani zaidi ya 1,000. Haikuwahi kutoka mwambani, na mimi mtu wa miamba huipenda kwa sababu hiyohiyo: kazi iliachwa katikati, kwa hiyo hatua zake bado zinaonekana.

Ukiingia kwenye mtaro unaoizunguka, upana wake unatosha mtu mmoja tu, kama sentimita 75. Pitisha kiganja ukutani. Hakuna alama ya tindo wala kabari, ni vibonde vya mviringo vilivyopangana, kama vilivyochotwa kwa kijiko kikubwa. Tindo za shaba zisingefua dafu hapa, maana graniti ina chembe za kwazi ambazo ni ngumu kuliko shaba. Walitumia mipira ya doleraiti, jiwe jeusi lisilopasuka kirahisi, mingi ikiwa na kilo kadhaa. Mtu anaushika kwa mikono miwili, anauinua, anauachia ushuke kwa uzito wake. Graniti haimeguki vipande, inasagika unga. Unga huo lazima ufagiliwe kila mara, la sivyo unakuwa kama mto wa kulalia na pigo linalofuata linapotea bure.

Nimejaribu mwenyewe. Baada ya dakika chache viganja vilikufa ganzi, na nilichokuwa nacho ni doa jeupe na vumbi la kujaza kijiko cha chai.

Reginald Engelbach, aliyeufukua na kuupima mtaro huu mwaka 1922, alijaribu kwa saa nzima kwenye eneo la kama futi moja ya mraba, akashusha milimita 5 hivi. Tupige hesabu. Tuseme fundi aliyezoea anashusha milimita 8. Sehemu ya kila mtu, iliyopimwa kwa mistari ya udongo mwekundu ukutani, ni kama mara nne ya eneo hilo, kwa hiyo sehemu yote inashuka milimita 2 kwa saa. Saa 12 kwa siku ni milimita 24. Mtaro wa mita 3 unataka siku 125, yaani miezi minne na ushee, watu wakipiga bega kwa bega pande zote kwa wakati mmoja. Bado hujachimba chini ya tumbo la jiwe, wakati mtu anapiga kwa ubavu na uzito wa mpira haumsaidii tena. Malkia Hatshepsut aliandika kwenye obeliski yake katika hekalu la Karnaki kwamba kazi ya machimboni ilichukua miezi 7. Wengine humwona mtia chumvi. Mimi namwamini, mradi kulikuwa na watu wa kutosha wa kupokezana.

Kilichoiua obeliski ya Aswani ni ufa. Graniti hubeba nyufa ambazo juu hazionekani, na hujitokeza kadiri unavyoshuka. Kuna mistari inayoonyesha kwamba mafundi walijaribu kupunguza vipimo, wapate obeliski ndogo ndani ya ile kubwa. Ufa mwingine ukatokea, wakaacha. Hakuna kiraka cha jiwe la namna hiyo: ufa uleule unaoonekana mdogo jiwe likiwa limelala juu ya mwamba ndio utakaolikata vipande viwili likiinuliwa.

Safari ya obeliski zilizokamilika nitaipitia haraka. Jiwe liliburutwa kwa kamba hadi mtoni, likapakiwa kwenye tishari. Michoro ya Deir el-Bahri, hekalu la Hatshepsut, inaonyesha obeliski mbili juu ya tishari moja, zikivutwa na mashua nyingi zenye wapiga makasia.

Kuinua ndiko kwenye ujanja. Maelezo yanayonishawishi ni ya mchanga. Unajenga tuta refu linalopanda taratibu, na mwisho wake unaacha shimo lenye kuta, kitako, yaani jiwe la msingi ambalo obeliski itasimama juu yake, kikiwa chini. Shimo linajazwa mchanga. Jiwe linavutwa, tako mbele, mpaka likae juu ya mchanga huo, kisha mchanga unatolewa kidogokidogo kupitia matundu ya chini. Tako linazama, ncha inabaki juu. Papirasi moja ya kale inamkebehi karani kwa kumtaka apige hesabu ya watu wa kuondoa mchanga chini ya mnara. Mwaka 1999, huko Massachusetts, njia hii ilisimamisha obeliski ya tani 25. Hizo ni chache sana mbele ya tani 323 za Hatshepsut, lakini zilionyesha kwamba jiwe linaweza kushuka bila kukimbia.

Hatari iko dakika ya mwisho, tako linapogusa kitako: likiteleza au kujipinda, hakuna wa kulirudisha. Ndiyo maana kwenye vitako vya Misri utakuta mfereji mwembamba karibu na ukingo mmoja. Kona ya tako hunasa humo, na jiwe zima hugeuka juu yake kama mlango kwenye bawaba, huku watu wa upande wa pili wakivuta kamba kumalizia.