Kitabu Kilicholowa na Friza

Kitabu cha kale kikilowa kwa mafuriko au kwa maji ya zimamoto, kwa nini wahifadhi hukigandisha kwenye friza badala ya kukianika juani?

Sababu kuu ni muda. Katika chumba chenye joto na unyevu, ukungu unaweza kuanza kuota kwenye karatasi iliyolowa ndani ya saa 48 hadi 72, na hakuna makumbusho yenye nafasi wala mikono ya kukausha maelfu ya vitabu kwa siku mbili. Kugandisha husimamisha uharibifu mahali ulipofikia, ili kazi ya kukausha ifanyike baadaye kwa utaratibu.

Mimi nami niliamini kwa muda mrefu kwamba jua ndiyo tiba, kwa kuwa nguo hukauka juani bila madhara. Lakini kitabu si nguo. Jua hukausha jalada na kingo kwanza huku tumbo la kitabu likiwa bado limejaa maji, hivyo sehemu moja hujikunja wakati nyingine imevimba, na mshono wa mgongo hukatika. Zaidi ya hayo, maji yaliyo ndani husafiri kuelekea upande uliokauka, kama mafuta ya taa yapandavyo kwenye utambi, na njiani hubeba wino, gundi na uchafu, kisha huviacha ukingoni yakigeuka mvuke. Ile mistari ya kahawia tunayoiona kwenye karatasi zilizowahi kulowa hutokea hivyo. Karatasi za kung'aa huathirika zaidi: utando wake huyeyuka na kuwa gundi, na zikikauka zikiwa zimebanana, kurasa huwa kama tofali moja lisilofunguka tena. Kwa vitabu vya aina hiyo hatuhesabu siku, tunahesabu saa.

Friza peke yake haikaushi kitabu kwa haraka. Kitabu kilichoganda hupelekwa kwenye chumba cha chuma kilichozibwa, ambamo pampu huondoa karibu hewa yote. Kanieneo ikishuka chini ya milibari 6 hivi, maji hayawezi tena kukaa katika hali ya kimiminika: barafu ikipewa joto kidogo hugeuka mvuke moja kwa moja. Jambo hili huonekana geni, ingawa tunaliona nyumbani. Vidonge vya nafthalini tunavyoweka kabatini kufukuza nondo hupungua hadi vikaisha, na nguo hazilowi hata kidogo. Vipande vya barafu vilivyosahauliwa kwa miezi kwenye friza navyo husinyaa bila kuacha tone. Kwa kuwa ndani ya kitabu hakuna maji yanayotiririka, hakuna cha kuubeba wino wala cha kuzigandamanisha kurasa.

Maktaba ya Duchess Anna Amalia mjini Weimar, Ujerumani, iliungua tarehe 2 Septemba 2004. Vitabu vipatavyo 50,000 viliteketea, na vingine 62,000 hivi viliharibiwa na moto, moshi na maji ya kuzimia. Vilivyolowa vilipelekwa Leipzig, vikagandishwa, kisha vikakaushwa kwa njia hii, na ukarabati ukaendelea kwa miaka mingi. Lau vingeanikwa, ukungu ungewatangulia mafundi.

Hata hivyo friza haifai kila kitu, na hapa ndipo orodha ya uokoaji inapohitaji kuandikwa kabla ya janga. Negativu za kioo za kolodioni, yaani picha hasi za kale zilizopigwa kwenye vioo vilivyopakwa kemikali, michoro ya rangi ya mafuta, pembe za ndovu na samani havigandishwi. Vitu hivyo hutengwa na kukaushwa polepole kwa hewa kivulini. Orodha nzuri huonyesha chumba, rafu, uzito wa kifaa na idadi ya watu wanaohitajika kukibeba, na hutanguliza vitu visivyo na nakala pamoja na daftari la kumbukumbu za mali, kwa maana bila daftari hilo hakuna awezaye kusema kilichopotea ni kipi. Wazima moto waruhusupo kuingia, kilicholowa na kisicho na nakala hutoka kwanza, na karatasi za kung'aa hufuata mara moja.

Kitabu kilicholowa hakifunguliwi, wala hakibanwi ili maji yatoke. Hufungwa kwa karatasi ya nta, kikapangwa kwenye kreti kwa safu moja, mgongo ukiwa chini, kisha kikagandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi zaidi ya hapo. Kreti isijazwe hadi pomoni, kwa sababu karatasi iliyonyonya maji huongezeka uzito sana. Tena baridi haiui ukungu, huulaza tu. Kitabu kikiyeyuka kabla ya kukaushwa, ile saa 48 huanza kuhesabiwa upya. Ndiyo maana mpango huwa na makubaliano yaliyotiwa saini mapema na mwenye ghala la baridi, na namba yake ya simu ya usiku, pamoja na gari la barafu la kusafirishia kreti hizo hadi kwenye mashine ya kukaushia.