Umekatwa mara mbili? Andika ujumbe ambao mhudumu anaweza kuufanyia kazi

Ujumbe mwingi unaofika kwenye dawati letu la malalamiko hufanana na huu: "Mmenikata pesa mara mbili na hamjali, nimeshapiga simu sana, nirudishieni haki yangu." Aliyeuandika anasema kweli. Tatizo ni kwamba hakuna neno hata moja ndani yake ambalo mhudumu anaweza kulitafuta kwenye mfumo wake. Hajui ni akaunti ipi, malipo yapi, ya siku gani. Kwa hiyo anajibu kwa maswali, ujumbe unarudi kwa mteja, mteja anakasirika zaidi, na siku 2 au 3 zinapita kabla kazi yenyewe haijaanza.

Nitatumia mfano huohuo wa kukatwa mara mbili, kwa sababu unaonyesha vizuri jinsi aya nne fupi zinavyoweza kumaliza jambo. Tuseme umelipia kwa kadi usajili wa mwaka mmoja wa kuhifadhi faili mtandaoni. Ukurasa uliganda, ukabonyeza kitufe cha kulipa mara ya pili, na sasa unaona makato mawili ya kiasi kilekile.

Kabla ya kuandika chochote, fungua orodha ya miamala ya kadi yako uangalie hali ya kila mstari. Ukilipa kwa kadi, benki hutangulia kuishikilia pesa, na baadaye ndipo muuzaji huichukua. Pesa iliyoshikiliwa tu mara nyingi huonyeshwa kwa neno "Pending". Ikiwa makato ya pili bado yapo katika hali hiyo, muuzaji hajaipokea pesa yako, kwa hiyo hana cha kukurudishia. Mara nyingi mstari huo hufutika wenyewe baada ya siku chache. Malalamiko ya aina hii tunayapata kila wiki, na mengine hujimaliza kabla hatujayajibu. Lakini mistari yote miwili ikishakamilika, hapo una madai halisi, na ni wakati wa kuandika.

Huu ndio ujumbe ambao ningeuandika. Majina ya huduma na namba zote ni za mfano tu.

> Kichwa: Ada ya mwaka imekatwa mara mbili, oda NK-20771
>
> Habari. Nimelipia usajili wa mwaka mmoja, na kadi yangu imekatwa mara mbili kwa kiasi kilekile. Akaunti yangu imesajiliwa kwa barua pepe hii ninayowaandikia.
>
> Nililipa tarehe 9 Machi 2025 saa 20:14 (UTC+3). Ukurasa uliganda, nikabonyeza kulipa tena saa 20:16. Nilipata risiti moja tu, ya oda NK-20771. Makato yote mawili yalikuwa "Pending" hadi tarehe 12 Machi, yalipokamilika.
>
> Nimeambatisha risiti na ukurasa wa taarifa ya benki unaoonyesha mistari yote miwili. Namba za miamala ni 5581907 na 5581934. Kadi inaishia na 4410.
>
> Naomba mrudishe makato ya pili (5581934), muache usajili wangu uendelee, na mthibitishe kuwa ni usajili mmoja tu utakaojihuisha mwakani. Naomba jibu kufikia tarehe 20 Machi.

Hautimizi hata maneno 120. Tuanze na ule mstari wa kwanza. Sisi wenye Kiswahili tumelelewa kwamba barua huanza kwa salamu ndefu, kuulizana afya na kutakiana heri, na mimi mwenyewe huona ukavu mtu akiingia kwenye madai moja kwa moja. Lakini mhudumu huona orodha ya jumbe, na kwa kila ujumbe huona kichwa pamoja na maneno machache ya mwanzo. Salamu ikiyajaza maneno hayo, ujumbe wako unafanana na mingine yote. "Habari" moja inatosha, kisha tatizo.

Angalia pia kwamba tatizo limetajwa kwa jina lake: kukatwa mara mbili. Mteja wa kwanza angeweza kuandika "mmeniibia", na neno hilo lina madhara yasiyotarajiwa. Mara nyingi jumbe hugawanywa kwa kusoma maneno yaliyomo. Ukilitaja neno wizi, hasa ukiwa unaiandikia benki, shauri lako linaweza kupelekwa kwa wanaoshughulikia matumizi ya kadi bila idhini, na hatua yao ya kwanza ni kuifunga kadi. Utabaki bila kadi kwa sababu ya malipo ambayo uliyafanya wewe mwenyewe.

Aya ya pili ndiyo wateja wengi huikosea, na kosa kubwa ni la saa. Mtu anaandika "nililipa saa mbili usiku." Kwetu hiyo inaeleweka. Mhudumu anayehesabu saa kuanzia usiku wa manane ataisoma kama saa 2:00, na ataangalia kumbukumbu za muda ambao wewe ulikuwa umelala. Andika kwa mtindo wa saa 24, yaani 20:14, na uongeze saa za eneo lako. Mifumo mingi hutunza kumbukumbu zake kwa UTC, saa za rejea za dunia ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3, hivyo 20:14 yako hapa inasomeka 17:14 upande wa pili. Ukiwa umelipa saa 01:30 usiku wa tarehe 10, kwenye kumbukumbu zao hiyo ni saa 22:30 ya tarehe 9. Hata tarehe inabadilika, na nimeona shauri likifungwa kwa jibu la "hatuoni malipo ya siku hiyo" kwa sababu hiyo tu. Mwezi nao uandike kwa jina, maana 03/09 kwa mmoja ni Machi na kwa mwingine ni Septemba.

Usiogope kutaja ulichokifanya wewe, kwamba ulibonyeza mara mbili. Wengi hukificha wakidhani kitawaponza. Kwa fundi, hiyo ndiyo sentensi yenye thamani kuliko zote, kwa kuwa inamwambia aangalie maombi mawili ya malipo yaliyopishana kwa dakika 2, badala ya kuanza kupekua mfumo mzima. Kilichotokea simu ya kwanza, mhudumu gani alikuwa mkali, ulivyohangaika siku nzima, viache. Kama uliwahi kupiga simu, taja tarehe na namba ya shauri uliyopewa, basi.

Kuhusu ushahidi, picha ya skrini peke yake haitoshi, kwa sababu namba iliyo ndani ya picha mara nyingi haiwezi kunakiliwa kama maandishi. Mhudumu atalazimika kuiandika upya, tarakimu kwa tarakimu, na akikosea moja hataona kitu. Kwa hiyo ambatisha picha, lakini namba za miamala ziandike pia kwenye ujumbe. Picha yenyewe ionyeshe tarehe, kiasi chenye senti zake, jina la muuzaji kama linavyotokea kwenye taarifa, na ile hali ya muamala. Nimeona picha zilizokatwa vizuri mno hadi kikabaki kiasi peke yake, na kiasi peke yake hakithibitishi lolote.

Mistari mingine ya taarifa ya benki isiyohusika ifunike. Kadi itambulishe kwa tarakimu 4 za mwisho tu. Zile tarakimu 3 za nyuma ya kadi, namba ya siri, na namba ya kuthibitisha inayotumwa kwa simu usimpe mtu yeyote, hata akizidai. Hakuna shauri la kurudishiwa pesa linalozihitaji, na anayezidai mchukulie kuwa tapeli hadi ithibitike vingine.

Sasa aya ya mwisho, ambayo katika jumbe nyingi haipo kabisa. Ukiandika "nirudishieni pesa yangu" na kuishia hapo, mhudumu anaweza kurudisha malipo yote mawili na kuufuta usajili. Kwa maneno yako atakuwa amekutimizia. Ndiyo maana ujumbe wa mfano unataja muamala upi urudishwe, na kwamba usajili ubaki.

Lile ombi la tatu, la kuthibitisha usajili ni mmoja, ndilo ninalowasihi watu wasiliache. Kubonyeza mara mbili kunaweza kuwa kumeanzisha usajili wa pili, wakati mwingine chini ya akaunti nyingine ikiwa uliingia kwa barua pepe tofauti. Kurudisha pesa hakuufuti lazima usajili huo. Pesa inarudi, unafurahi, unasahau, na mwaka ukizunguka unakatwa mara mbili tena. Safari hii hakuna ukurasa ulioganda wala kubonyeza tena, na kueleza kilichotokea kunakuwa kugumu maradufu.

Tarehe ya kujibiwa iweke, lakini iwe ya kawaida: siku 5 za kazi zinafaa kwa jambo la namna hii. Wakikaa kimya ikapita, jibu kwenye mfululizo uleule wa ujumbe wako wa kwanza, ukitaja namba ya shauri. Ukituma ujumbe mpya kila asubuhi, mfumo unaweza kufungua mashauri mapya. Watu watatu watalishika jambo lako, kila mmoja akiwa na kipande chake, na anaweza kutokea anayekuomba risiti ambayo mwenzake tayari anayo.

Ikishindikana kabisa, mwenye kadi anaweza kuwasilisha pingamizi kwa benki iliyotoa kadi. Njia hiyo ina ukomo wa muda. Kwa kadi za mitandao mikubwa ya kimataifa, mara nyingi ni siku 120, ila benki yako inaweza kukutaka uwahi zaidi, kwa hiyo waulize mapema. Usiifungue siku hiyohiyo unayomwandikia muuzaji. Pingamizi likishafika kwake, wauzaji wengi husitisha kurudisha pesa hadi benki iamue, na wengine huisimamisha akaunti yako pamoja na faili zako zote zilizomo. Ukifikia hatua hiyo, ujumbe uleule wa aya nne ndio utakaoupeleka benki, ukiongeza sentensi moja inayosema ulimwandikia muuzaji lini na alijibu nini.

Na wakikujibu kwamba pesa imerudishwa, omba namba ya muamala wa marejesho na tarehe ulipofanyika. Pesa inayorudi kwenye kadi inaweza kuchukua siku kadhaa za kazi kabla hujaiona. Wakati mwingine haiji kama mstari mpya: yale makato ya zamani hutoweka tu, nawe ukakaa ukiisubiri pesa ambayo ilisharudi. Ukiwa na namba hiyo, benki yako inaweza kukuambia iko wapi.