Maji ya Saa Tisa Usiku Si Yote Yanayovuja

Dhana hizi nne huwapotosha mafundi wanaotafuta uvujaji wa mabomba kwa mita ya eneo, ile inayopima maji yote yanayoingia sehemu moja ya mji.

Dhana: Mita ya eneo ikisoma juu saa tisa usiku, maji hayo yote yanavuja.

Hivyo ndivyo ilivyo karibu kabisa katika mji ambao maji hayakatiki. Watu wakilala, kinachopita kwenye mita kati ya saa nane na saa kumi usiku ni choo kimoja kimoja, na uvujaji. Nairobi tuna mgao. Siku ya maji, floti za matangi ya paani hubaki wazi mpaka tangi lijae. Mwenye nyumba amelala, tangi lake linaendelea kunywa.

Tuchukue mfano wa eneo la Eastlands lenye mita moja ya kuingilia na miunganisho 800, 30 kati yake ikiwa ya maghorofa. Tupime kwa yuniti za bili, maana kila mtu anazijua: yuniti moja ni lita 1,000. Maji yakifunguliwa Jumanne, usiku wa kwanza mita inasoma yuniti 26 kwa saa, wa pili 19, wa tatu 17, wa nne 17. Namba ya kufanyia kazi ni 17, kwa sababu imeacha kushuka. Mgao ukikatwa baada ya usiku wa kwanza, ile 26 itawapeleka kuchimba barabara bure. Kwa hiyo kabla ya kupima, eneo lipewe maji usiku tatu au nne mfululizo.

Na hata hiyo 17 bado si uvujaji. Someni mita za maghorofa saa nane kamili, mrudi saa kumi kamili. Zikiwa zimepitisha yuniti 8 kwa jumla, hiyo ni 4 kwa saa. Miunganisho 770 iliyobaki iwekeeni lita 2 kwa saa kila mmoja, jumla kama yuniti 1.5. Lita 2 ni makisio ya nyumba ya familia moja. Ploti ya vyumba ishirini isomewe mita yake kama ghorofa. Toeni 5.5 kwenye 17: uvujaji ni yuniti 11.5 kwa saa.

Mkikuta ghorofa ambayo mita yake inazunguka kwa mwendo uleule usiku kucha, pandeni mtazame tangi. Mara nyingi floti imeharibika na maji yanamwagika kupitia bomba la kufurikia. Maji hayo yamo kwenye bili ya mteja. Mwambieni abadilishe floti, lakini msiyatafute ardhini.

Dhana: Vali za mpaka zinazotenga eneo na majirani zimefungwa, basi eneo limefungwa.

Geti vali ya zamani ikiwa na mchanga chini ya ulimi wake, itakaza mkononi na bado ipitishe maji. Maji yanayoingia bila kupita kwenye mita huficha uvujaji. Wapeni wakazi taarifa, kisha usiku fungeni vali ya kuingilia, mfungue haidranti mpaka geji ya presha ishuke, halafu mfunge haidranti. Presha ikianza kupanda, kuna mlango mwingine. Wekeni fimbo ya kusikilizia juu ya kila vali ya mpaka. Ile inayopitisha hutoa mlio wa kufoka.

Dhana: Uvujaji wa siku ni wa saa moja mara 24.

Usiku matumizi hupungua, presha hupanda, na tundu lilelile hutoa maji mengi zaidi. Kwa mabomba mchanganyiko tunakadiria kwamba uvujaji hufuata presha sawia. Presha ya usiku ikiwa baa 5 na wastani wa siku nzima baa 4, zidisheni kwa 19.2, si 24. Hiyo 11.5 inakuwa kama yuniti 221 kwa siku. Kwa 24 mngeandika 276.

Dhana: Mita itaonyesha tundu liko wapi.

Mita inasema kiasi tu. Mahali hutafutwa kwa kufunga vali hatua kwa hatua, kuanzia mwisho wa eneo kurudi kwenye mita, bila kufungua zilizokwisha kufungwa. Subirini kama dakika 20 kila hatua ndipo msome. Tuseme hatua ya kwanza 17 inakuwa 15.8, ya pili 15, ya tatu 7.6. Hatua ya tatu imekata yuniti 7.4, na kipande hicho kina nyumba 60 tu, ambazo haki yao ni lita 120 kwa saa.

Fungueni tena taratibu, hewa itoke, kisha mpite na fimbo kwenye koki za kipande hicho. Bomba la chuma hupeleka sauti mbali. La plastiki huimeza baada ya umbali mfupi, kwa hiyo sikilizeni kila koki bila kuruka.

Baada ya kuziba, pimeni tena usiku, matangi yakiwa yamejaa. Namba ya 17 inapaswa kushuka hadi karibu 10. Ikiishia 12, bado kuna tundu jingine kwenye kipande kilekile, na lile kubwa lilikuwa likifunika sauti yake.